AUC Kubwa Haikuambii Ukate Wapi

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: “Kaka, modeli yangu ya kunasa miamala ya utapeli ina AUC ya 0.94, lakini timu ya ukaguzi inalalamika kila siku. Shida iko wapi?”

Swali hilo limenitonesha kidonda. Niliwahi kushindanishwa na mwenzangu katika kampuni moja. Modeli yake ilipata 0.94, yangu 0.91, na wakubwa wakachukua yake bila hata kutazama michoro. Mpaka leo nasema walikosea.

Kwanza elewa namba yenyewe. Chukua miamala mitano. Miwili ni ya utapeli, na modeli imeipa alama 0.9 na 0.4. Mitatu ni halali, nayo ina 0.6, 0.3 na 0.1. Linganisha kila muamala wa utapeli na kila ulio halali, utapata jozi sita. Katika tano, utapeli uko juu, ni 0.4 tu iliyozidiwa na 0.6. Tano kwa sita ni 0.83, na hiyo ndiyo AUC. Inapima mpangilio, basi. Gawa alama zote kwa mbili, haitabadilika hata kidogo.

Sasa njoo kwenye mchoro. Kila nukta ya mkunjo wa ROC ni kizingiti kimoja, yaani alama unayokatia, ambayo muamala ukiifikia unashukiwa: mhimili wima unaonyesha sehemu ya matapeli uliowanasa, ule mlalo sehemu ya wateja halali uliowasumbua bure. AUC ni eneo lote lililo chini ya mkunjo huo, kwa hiyo inajumlisha vizingiti vyote, hata vile ambavyo hakuna mtu mwenye akili zake angevitumia.

Kwetu, katika kila miamala 10,000, tuseme 100 ilikuwa ya utapeli. Wakaguzi waliweza kupitia kama 150 hivi. Ukiruhusu asilimia 1 tu ya walio halali wasumbuliwe, tayari hiyo ni miamala 99. Hapo modeli yangu ilinasa 60, ya mwenzangu 35. Mikunjo ilipishana: yake ilinipita huko kulia, kwenye asilimia 20 na kuendelea, ambako ungesumbua watu 1,980 au zaidi. Nani angewapigia simu wote hao?

Kwa hiyo, ndugu yangu, acheni kuabudu namba moja. Jueni kwanza timu yenu inamudu miamala mingapi, mgeuze hiyo kuwa nukta kwenye mhimili mlalo, kisha msome mkunjo hapo hapo, kona ya kushoto. Ukipenda kulinganisha modeli kwa eneo la kona hiyo peke yake, scikit-learn inayo njia:

```python
roc_auc_score(y, alama, max_fpr=0.01)
```

Jibu lake limerekebishwa ili 0.5 ibaki kuwa sawa na kubahatisha, kwa hiyo usilipange pamoja na AUC ya kawaida kwenye jedwali moja. Na `alama` ziwe zile za `predict_proba`, safu ya utapeli. Ukiweka majibu ya `predict`, mkunjo utakuwa na kona moja tu katikati, na kushoto hapatakuwa na cha kusoma.