Usijaze fomu ya dharura mke anapojifungua, siku za baba zina mwisho

"Wakuu, niko kampuni binafsi hapa Mbeya, mwezi wa nane kazini. Mke kapangiwa operesheni kesho Jumanne asubuhi, tumeambiwa leo jioni hii. Supavaiza anasema nijaze fomu ya dharura siku tatu, halafu za baba nitachukua mama akishatoka hospitali. Barua inaandikwaje fasta? Na naweza kuunganisha na wiki moja ya likizo ya mwaka nimpeleke Tukuyu kwa mama yake? Na bima ya kampuni, mtoto anaingizwa lini?"

Weka hiyo kalamu chini. Hiyo fomu ya dharura usiiguse kabisa, na huyo supavaiza wako kama alishawahi kufanya kazi Mafinga niambie, maana maneno yake ndiyo yaleyale niliyoambiwa mimi, mpaka mpangilio.

Sikia. Siku za baba hazikai benki zikusubiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inakupa angalau siku 3 zenye malipo, kwa sharti kwamba uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siyo tangu mama aruhusiwe, siyo tangu kitovu kidondoke, siyo tangu mama mkwe afike na kapu lake. Tangu mtoto azaliwe. Zikipita hizo 7, mwajiri hana deni na wewe, na hata ukienda kulia wapi utaonyeshwa mstari huohuo.

Mimi nilikuwa kiwanda cha mbao. Mke alijifungua kwa operesheni Jumatano usiku. Alhamisi alfajiri nipo kazini naomba ruhusa, supavaiza wangu akanivuta pembeni kama mtu mwenye siri ya hazina. Akasema: "Kijana, siku za baba usizichezee. Saa hizi mama yuko wodini, wewe utakaa kwenye benchi nje unapigwa na baridi, hata mtoto hupewi. Jaza dharura, za baba zitunze, uzitumie mama akiwa nyumbani." Na mimi nikaona huyu mzee ana busara, kumbe ni ulanzi wa jana yake ulikuwa unaongea. Ilikuwa msimu, wa Iringa mnanielewa.

Ile fomu bado naiona. Kitabu cha kaboni, karatasi ya juu nyeupe, ya chini ya rangi ya waridi. Pameandikwa "aina ya likizo" na visanduku vyake: ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi, dharura, nyingineyo. Kwenye "ya uzazi" mtu alishaongezea kwa biro "(akina mama)". Supavaiza mwenyewe ndiye aliyenishikia kitabu nikaweka vema kwenye dharura, siku tatu, Alhamisi hadi Jumamosi. Nikaondoka namshukuru. Nilimshukuru kabisa, aisee, na soda nilimnunulia.

Jumatatu nimerudi kazini. Mke kidonda kikaleta usumbufu, wakambakiza wodini. Karuhusiwa Ijumaa ya wiki ya pili. Siku hiyohiyo naenda ofisini kifua mbele kuchukua siku zangu za baba nilizozitunza kama mbegu. Afisa utumishi hakubishana na mimi. Alichukua biro, akasimama kwenye kalenda ya ukutani, akaanza kugusa tarehe moja moja kuanzia ile ya kuzaliwa, akafika Jumatano ya juzi, akaigonga na biro mara mbili. Akaniambia dirisha limefungwa. Na alikuwa sahihi, hapo ndipo panapouma. Huwezi hata kumchukia mtu kwa raha.

Subiri, haijaisha. Nikauliza na zile za dharura je? Akafungua kijitabu cha kanuni za kampuni: dharura isiyo ya msiba wala ugonjwa wa mtoto inakatwa kwenye likizo ya mwaka. Kwa hiyo nilijilipia mwenyewe siku za kukaa kwenye benchi, kutoka kwenye zile 28 zangu. Mke yuko nyumbani na kidonda, hawezi kuinua ndoo, mama yake yuko Makete na barabara ya masika mnaijua. Nikakaa naye Jumamosi na Jumatatu bila ruhusa ya mtu. Niliporudi nikapewa barua ya onyo la utoro, na onyo likanila bonasi ya mwisho wa mwaka. Yule supavaiza nilipomfuata aniandikie kwamba yeye ndiye aliyenishauri, akasema hakumbuki. Soda alikumbuka, ushauri hakumbuki.

(Na wewe usijaribu huo ujasiri wangu. Utoro wa zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa wala sababu inayokubalika, unaweza kukufukuzisha kazi, na wengi wanafukuzwa hivyo halafu wanashangaa.)

Kwa hiyo usiku huu andika barua yako mwenyewe, karatasi nzima, hata kama kampuni ina fomu. Fomu utajaza kesho, na utajaza kwenye "uzazi" au "nyingineyo" na kuandika kwa maneno. Barua fupi tu, hivi:

"YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA UZAZI KWA BABA, SIKU 3

Mke wangu amepangiwa kujifungua kwa upasuaji kesho Jumanne, tarehe fulani, taarifa tuliyoipata leo jioni. Naomba likizo ya uzazi kwa baba ya siku 3 zenye malipo, kwa mujibu wa kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, nikitarajia kurejea kazini tarehe fulani. Uthibitisho wa kuzaliwa kwa mtoto nitauwasilisha mara nitakapoupata. Kazi zangu atazishika fulani, tumeshaongea."

Basi. Usianze na "kwa heshima na taadhima naomba unionee huruma". Huombi huruma hapa, na neno "dharura" lisionekane hata mara moja. Mtu wa mishahara ataandika kwenye mfumo neno atakalolikuta kwenye karatasi yako. Ukiandika dharura, ni dharura.

Kuhusu lini zianze, hapa ndipo yule mzee alikuwa na robo ya ukweli, na robo ya ukweli ndiyo iliyoniua. Ni kweli siku ya operesheni utakaa kwenye benchi. Lakini una siku 7 za kucheza nazo. Mtoto akizaliwa Jumanne, unaweza kuzianza siku hiyohiyo, au uzianze Alhamisi ukiona ndipo watakapotoka. Ila zote tatu ziishe ndani ya zile 7, usiache hata moja ichungulie nje, wala usianze kubishana na ofisi kama siku ya kuzaliwa inahesabiwa ama la. Zimalize mapema. Na kumbuka siku kwenye sehemu hiyo ya sheria ni ya kalenda, siyo ya kazi. Ukianza Ijumaa na kwenu Jumapili hamfanyi kazi, umeshajipunja moja kwa mkono wako. Kwa hali yako mimi ningeanza kesho au Alhamisi, nisingegusa Ijumaa.

Na mama akibakizwa wodini kama wangu? Chukua siku zako hivyohivyo. Nani atapeleka uji, nani atakimbilia dawa wakikupa cheti cha kwenda kununua nje? Benchi nalo lina kazi zake.

Barua ichapishe nakala mbili au iandike kwa mkono mara mbili. Kesho alfajiri kabla ya hospitali pita kazini, moja waachie, nyingine wakugongee mhuri na kuandika "imepokelewa", tarehe na sahihi. Ofisi haijafunguliwa? Piga picha barua yenye sahihi yako, itume watsapu na barua pepe kwa afisa utumishi na kwa bosi wako, usiku huuhuu. Kifungu chenyewe hakisemi lazima utoe taarifa siku ngapi kabla, kwa hiyo wakikwambia umechelewa kuomba, waulize kwa upole mtoto naye alipaswa kuandika barua lini.

Watakachokudai ni uthibitisho, na hiyo ni haki yao. Lakini soma vizuri: wanaweza kudai uthibitisho wa maana kabla ya kukulipa siku hizo. Siyo kwamba uje na cheti cha kuzaliwa ndipo uruhusiwe kuondoka. Tangazo la kizazi utakalopewa hospitali linatosha, lipige picha uwapelekee. Huku kwetu hata cheti siyo safari tena, usajili wa watoto chini ya miaka mitano ulianzia Mbeya mwaka 2013, unafanyika kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, bure. Ulizeni kabla hamjatoka wodini. Na wakikuomba cheti cha ndoa, sheria inasema uwe baba wa mtoto, haijasema uwe umefunga ndoa.

Miezi minane umeshavuka ile sita ya mwanzo ambayo likizo zenye malipo hazikuhusu, hapo uko salama. Siku hizo 3 ni za mzunguko wa miezi 36, kwa hiyo mkipata mwingine mwakani usirudi hapa kuniuliza. Kama kwenu kuna tawi la chama cha wafanyakazi, mpigie katibu usiku huu umuulize mkataba wa hali bora unasemaje, maana 3 ni kima cha chini na kuna kampuni zinaongeza.

Mwisho wa mwezi kagua slipu yako ya mshahara na salio la likizo ya mwaka. Likiwa limepungua kwa siku hizo, peleka ile nakala yenye mhuri kwa afisa utumishi, na umwandikie, usimwambie kwa mdomo. Akikuzungusha, CMA, ile tume ya kusuluhisha na kuamua migogoro ya kazi, wapo hapohapo Mbeya, na mgogoro wa namna hii una siku 60 tangu utokee, kwa hiyo usikubali kuambiwa "tutarekebisha mwezi ujao" mara ya pili.