Ukurasa mmoja kwa meneja: omba uchunguzi, usiombe mradi

Ndugu zangu mnaoanza kazi kwenye ofisi za mipango na vyama vya ushirika, dokezo la ukurasa mmoja huwa linaomba jambo moja tu, nalo ni ruhusa ya kulichunguza wazo zaidi. Madokezo mengi ninayoyasoma hapa Dodoma yanaomba mradi mzima. Meneja akiona shilingi milioni 90 kwenye mstari wa pili analiweka pembeni, na hana kosa. Hakuna mtu makini anayeidhinisha fedha hizo kwa karatasi moja.

Tuchukue mfano wa chama cha wakulima wa alizeti wilayani Kongwa kinachotaka kununua mashine ya kukamua mafuta. Makadirio yote hapa ni ya kufundishia. Mashine na jengo ni milioni 90. Inakamua kilo 250 kwa saa, kwa hiyo kwa saa 8 na siku 25 za kazi inameza tani 50 kwa mwezi. Wanachama wakivuna tani 400, kuna kazi ya miezi 8. Mwanzoni wengi huishia hapa, wanazidisha mafuta na mashudu kwa bei ya soko, na faida inatoka nzuri.

Lakini tani 400 ni mavuno ya shambani, si mzigo ulioingia ghalani. Alizeti huvunwa kuanzia Mei, wakati mkulima anadaiwa na ada ya shule inamsubiri, na mlanguzi yuko pale pale na fedha mkononi. Chama kikipata robo tu ya mavuno, mashine ina kazi ya miezi 2 kwa mwaka. Halafu kuna fedha ya kununulia. Kwa shilingi 800 kwa kilo, tani 50 zinahitaji milioni 40 kila mwezi, na mafuta ya mzigo wa kwanza yanaweza kuwa hayajauzwa wakati mzigo wa pili unatakiwa kulipiwa. Kama ni mkopo, chama kina ukomo wa madeni unaopitishwa na mkutano mkuu. Kinachoweza kuua wazo hili, basi, ni mzigo na mtaji wa kuununua. Bei ya mashine inakuja baadaye.

Dokezo lenu lijengwe juu ya swali hilo. Mstari wa kwanza useme: “Tunaomba shilingi milioni 3 na wiki 6 kuchunguza kama wanachama watakileta chamani kiasi cha alizeti kinachotosha mashine.” Fuatisha sentensi mbili au tatu za tatizo: nani anapata hasara sasa, na kiasi gani. Kisha weka gharama na mapato kwa kiwango cha chini na cha juu, maana tarakimu moja kamili katika hatua hii inamdanganya msomaji. Taja pia njia nyingine, kwa mfano kukamulisha kwa mwenye mashine Kibaigwa kwa msimu mmoja. Njia hiyo haihitaji jengo, na yenyewe ni jaribio zuri la kuona kama mzigo utakuja.

Sehemu ninayoipigania kuliko zote ni mstari wa kuachia. Andikeni kabla ya uchunguzi kwamba, mathalani, mzigo wa uhakika ukiwa chini ya tani 200 mnaacha. Mkingoja matokeo ndipo mpange kipimo, kila mwenye hamu na mashine atakishusha mpaka kifike anapotaka. Na mzigo wa uhakika usipimwe kwa kuwauliza wakulima kama watauza chamani, kwa sababu mkutanoni wote watasema ndiyo. Angalieni vitabu vya mapokezi vya misimu iliyopita: nani alileta, lini, na alisubiri malipo siku ngapi.

Hapo hapo Kongwa, serikali ya Uingereza ilianza mwaka 1947 kilimo kikubwa cha karanga kabla ya kuuelewa vizuri udongo na mvua. Kiangazi udongo ukawa mgumu, karanga zikashindikana kuchimbika, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Trekta zilitangulia maswali.

Angalieni na kalenda. Uchunguzi wa mzigo unafaa kufanyika wakati wa mavuno, kwa hiyo dokezo liwe mezani Machi. Likifika Agosti, mlanguzi ameshabeba, na jibu la haki litakuwa kusubiri mwaka mzima.

Kabla ya kulipeleka, mpe mhasibu au mtu wa idara nyingine alisome kwa dakika 2, kisha ichukueni karatasi na mmwulize msomaji huyo: meneja anaombwa kusaini nini? Akijibu “mashine”, mstari wa kwanza uandikwe upya. Chini ya ukurasa acheni nafasi ya majibu matatu, yaani endelea, subiri au acha, pamoja na sahihi na tarehe. Mahesabu marefu yabaki kwenye faili lenu, kila tarakimu ikiwa na chanzo chake, kwa sababu meneja anayelitilia maanani atapiga simu kuuliza moja.