Maswali na majibu: Barua pepe ya kumkaribisha mwajiriwa mpya

Nimtumie lini?

Siku tano za kazi kabla hajaripoti, kwa sababu cheti kilichobaki kwao Songea hakifiki Dar es Salaam kwa usiku mmoja.

Nikimwandikia "njoo na nyaraka zote muhimu", haitoshi?

Haitoshi, na nimechoka kulijibu swali hili. Kwa anayeajiriwa mara ya kwanza, nyaraka muhimu ni vyeti vya shule tu, ilhali mwandaaji wa mishahara anasubiri namba ya NIDA, TIN, namba ya uanachama wa NSSF na akaunti ya benki yenye jina linalolingana na la kitambulisho. Vitaje kimoja kimoja na useme kila kimoja ni cha kazi gani. Namba ya NSSF ndiyo yenye usumbufu zaidi: aliyewahi kuchangia aje na ileile ya zamani, maana akifunguliwa nyingine michango yake itagawanyika, na huenda asilijue hilo hadi siku ya kudai mafao. Aliyesoma kwa mkopo wa HESLB naye aambiwe mapema kwamba atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, asije akadhani mhasibu amemwibia. Vyeti halisi vikaguliwe mbele yake na arudishiwe papo hapo. Ofisi inayovifungia kabatini inajitafutia kesi.

Niwaorodheshe watu wote atakaokutana nao?

Watatu au wanne wanatosha, mradi kila jina liambatane na shughuli. Tuseme umeajiri karani wa stoo. Mwandikie hivi: "Jumatatu saa 2:30 asubuhi utapokelewa getini na afisa utumishi; saa 4:00 utakaa na msimamizi wako, ambaye atakuonyesha leja ya bidhaa na utaratibu wa kupokea mzigo; Jumanne utakutana na mhasibu, ambaye ndiye atakayekuwa akikudai hati za mapokezi kila jioni." Kabla ya kuituma, hakikisha watu hao wanajua kwamba wametajwa na kwamba hawatakuwa likizo.

Wiki yenyewe niipangeje?

Siku mbili za mwanzo zipange kwa saa, zilizobaki kwa siku. Jumatatu iwe ya mkataba, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mwajiriwa apewe kwa maandishi, anapoanza kazi, maelezo ya majukumu yake, mahali pa kazi, saa za kazi na mshahara. Wengi wenu mnasubiri hadi muda wa majaribio uishe, na hilo ni kosa. Kuanzia Jumatano karani ashike kazi halisi, apokee mzigo mmoja chini ya uangalizi, na Ijumaa msimamizi akae naye nusu saa wapitie alichoandika kwenye leja.

Historia ya kampuni iwekwe mwanzoni?

Hapana. Mwanzoni weka saa ya kuripoti, geti la kuingilia na namba ya simu ya mtu atakayepokea akipigiwa.