Usimmalizie mume wangu sentensi

Swali la wiki: "Jirani yangu ana kigugumizi. Akikwama namwonea huruma, namalizia neno ili asiteseke. Mwenzangu anasema namkosea. Nani yuko sawa?"

Mwenzako yuko sawa. Mume wangu ni seremala, ana kigugumizi tangu utotoni, na wasaidizi wa namna yako nimewaona wengi. Wana nia njema, lakini wanatutia hasara.

Juzijuzi alirudi na mbao za mbili kwa nne, wakati kazi ya kenchi aliyokuwa nayo ilitaka mbili kwa sita. Nilimuuliza kulikoni. Kumbe alifika kwa muuzaji, akasema "naomba mbili kwa", akakwama hapo. Kijana wa watu akadakia, "Nne, mzee?" Kukataa kungemlazimu aanze sentensi upya huku watu wamejipanga nyuma yake, basi akaitikia kwa kichwa, akalipa. Guta likalipwa mara mbili, kupeleka na kurudisha.

Jua kwamba aliyekwama neno analo. Hajalisahau, wala halitafuti. Chanzo cha kigugumizi kiko kwenye namna ubongo unavyoendesha matamshi, na mara nyingi kinatembea kwenye ukoo. Kwao baba mdogo naye anacho. Woga na haraka vinakizidisha tu. Mume wangu akiimba kwaya, au akisali Baba Yetu pamoja na waumini wenzake, hakwami hata kidogo. Muulize jina lake uone kazi. Maneno mengine huyakwepa kwa kuyabadilisha, hata chai huagiza wakati roho inataka kahawa, kwa kuwa "ka" humshika. Jina la mtu halina mbadala. Kuna watu wameshamcheka, eti mtu mzima amesahau jina lake!

Kwa hiyo "tulia, vuta pumzi" haimsaidii. Anachosikia ni kwamba umeacha kusikiliza habari yake, sasa unamkagua mdomo.

Kusubiri nako kuna namna yake. Kwanza tambua kwamba amekwama. Wengi wanajua kigugumizi cha kurudiarudia, "ba-ba-ba", au cha kuvuta herufi, "sssita". Kinachowachanganya ni kile cha kimya: midomo imebana, taya limekaza, sauti haitoki, pengine jicho linapepesa au kidole kinagonga paja. Ukimya huo watu hudhani ni zamu yao ya kusema. Mtu anayefikiri uso wake huwa umelegea. Aliyekwama utaona nguvu imejaa usoni na shingoni. Akimaliza kweli, mabega yanashuka na sauti inatua kama inavyotua kwa mtu yeyote.

Wakati huo uso wako ubaki ulivyokuwa. Usimkodolee macho, usiyakimbize pembeni kana kwamba kuna aibu imetokea, na midomo yako isichezecheze kumsaidia kutamka (mama zangu wadogo wana tabia hiyo, wanaifanya bila kujijua). Neno likitoka, jibu alichosema. Usimpongeze, si mtoto.

Kama kweli hujaelewa, usijifanye umeelewa. Rudia ulichokipata, kisha uliza kilichobaki: "Umesema mbili kwa, namba ndiyo sikuipata." Hapo anaanzia pale alipokwama, harudi mwanzo wa sentensi. Ukitaka kujua kama yeye binafsi anapenda kusaidiwa, maana wapo wanaopenda, muulize siku mmekaa mnapiga soga. Usimuulize akiwa katikati ya neno.

Simu ndiyo ngumu kuliko yote, maana uso hauonekani. Akipiga, upande wa pili wanasikia kimya, wanaita "haloo, haloo", wanakata. Ukimfahamu mtu wako, sema "nipo" mara moja tu, halafu nyamaza usubiri. Ukiirudia kila baada ya sekunde mbili unamsukuma. Na usimtoze ahadi ya kukupigia kila anapofika. Ujumbe mfupi unatosha, akipenda.

Lakini usibebe haya yote ukayatumia kwa kila anayesema taratibu. Mama mkwe wangu alipata kiharusi, na yeye neno linampotea hasa: anataka chumvi, linatoka "kijiko", naye anajua kabisa kwamba silo. Huyo naye nampa muda kwanza, kisha nauliza, "Nikusaidie, mama?" Akikubali, namuuliza maswali ya ndiyo au hapana, au nashika vitu viwili aoneshe kwa kidole. Ukimnyamazia muda mrefu ndipo anapokasirika, anasukuma sahani.