Mzazi anamtukana refa mechi ya watoto

"Wakuu, nachezesha chini ya miaka 13. Baba mmoja ananitukana kila nikipuliza. Nimpe nyekundu?"

Kadi ni za wachezaji na benchi, mzazi hayumo. Usibishane naye. Mpira ukitoka, simamisha, mwite kocha wa timu yake amtulize au amwondoe uwanjani. Usianzishe tena mpaka liishe. Akigoma kabisa, vunja mechi, andika ripoti. Mimi zaidi naogopa watoto kuumia vichwa: mtoto akigongana, akaamka anayumba au hajui matokeo, atoke na asirudi siku hiyo, hata baba aape kuwa mzima.

– Huku kwetu anamwagiwa maji, anarudi.

– Dalili nyingine huja usiku, kaka. Nani atakuwa naye?