Kubusti video ya saluni Nakuru

"Video yangu ya ofa ya kusuka imetazamwa sana bila kulipia. Nikibusti niweke ngapi, na nilenge nani?"

Dada, kwanza angalia kwa takwimu watazamaji wako wapi, juu kama wengi ni wa Mombasa hao hawatakuja kusukwa Section 58. Weka 300 kwa siku, siku tano, usiguseguse katikati. Dondosha pini kwa saluni, kilomita chache kuzunguka, wanawake 20 hadi 40, wachia hapo, ukibana zaidi watu wanakuwa wachache na bei inapanda. Lengo chagua meseji za WhatsApp, ukiomba watazamaji utaletewa wa kutazama tu. Mwisho hesabu: 1,500 ikileta wateja watatu, kila mmoja amekukosti 500, sasa linganisha na faida ya kichwa kimoja kabla uongeze pesa.