Bia mbili na jasho la usiku

"Nina miaka 49, niko Kirumba. Bia mbili za jioni zinaniamsha saa nane usiku nimelowa jasho. Shoga yangu anasema ni joto la Mwanza tu."

Dada, joto linachangia, ila lisingesubiri saa nane. Pombe hutanua mishipa ya ngozi, na ukomo wa hedhi umeshavuruga kipimajoto cha mwili. Chupa mbili za nusu lita ini huzimaliza kwa saa tano hivi: ukinywa saa tatu, usingizi unakatika saa nane. Umri pia hupunguza maji mwilini, hivyo bia zilezile zinakolea zaidi. Acha wiki mbili, uandike kila usiku. Jasho likibaki pamoja na kikohozi au kukonda, kapime TB.

Msomaji mwingine: "Mimi divai nyekundu tu ndiyo hunitoa jasho, bia hainisumbui!"

Inawezekana, mama. Miili haifanani.